Uzoefu wangu na njia nne za kuchagua neno: pupa, bimu, top_k na top_p kwa maandishi ya Kiswahili

Modeli ya lugha haiandiki sentensi. Kila hatua inatoa orodha ya vipande vya maneno na uwezekano wa kila kimoja, kisha kanuni nyingine ndiyo inayochagua kipi kiandikwe. Tathmini hii ni ya kanuni hizo nne kama zinavyopatikana kwenye `generate` ya maktaba ya `transformers`, kwa kazi za kawaida za hapa Mombasa: kutafsiri matangazo ya kivuko na kuandika maelezo mafupi ya nyumba za wageni na vibanda vya chakula.

Njia ya pupa huchukua kila mara kipande chenye uwezekano mkubwa zaidi. Ni nyepesi, na swali lile lile hurudisha jibu lile lile, kwa hiyo kwa kutoa bei au tarehe kutoka kwenye risiti sioni sababu ya kutumia kitu kingine. Ila haiangalii mbele. Tuseme inatafsiri tangazo la Likoni na neno la kwanza lina "Feri" kwa 0.5 na "Kivuko" kwa 0.4. Pupa inachukua "Feri". Baada ya "Feri" modeli inayumba, na neno bora linalofuata lina 0.4 tu, ambapo baada ya "Kivuko" neno "kitachelewa" lina 0.9. Njia ya kwanza inafika 0.20, ya pili 0.36. Pupa imeshafunga mlango, na kwa Kiswahili mlango huo ni mzito, kwa sababu nomino ikishaandikwa, ngeli yake inaamua viambishi vyote vya mbele.

Msako wa bimu unatibu hilo. Ukiweka `num_beams=4`, sentensi nne zinazoanza kujengwa hubaki hai kila hatua, na inayoshinda ni ile yenye alama nzuri kwa jumla. Kwa tafsiri ni bora kuliko pupa, na 4 au 5 zinatosha. Gharama yake ni kumbukumbu: sentensi nne hai ni hifadhi nne za hesabu za maneno yaliyopita, na kadi ndogo ya michoro italalamika mapema.

```python
out = model.generate(**x, num_beams=4, do_sample=False,
                     length_penalty=1.0, max_new_tokens=60)
```

Alama ya bimu ni jumla ya logi za uwezekano, na kila logi ni hasi, kwa hiyo kila neno linaloongezwa linapunguza alama. Ukiiacha hivyo, tafsiri fupi hushinda hata ikiwa imekata nusu ya ujumbe. `length_penalty` hugawanya jumla hiyo kwa urefu uliopandishwa kwa kipeo hicho. 0 haisawazishi chochote, na kadiri inavyopanda juu ya 0 ndivyo sentensi ndefu zinavyopendelewa. Jina lenyewe linapotosha, maana wengi huipandisha wakidhani wanafupisha.

Sasa mpe bimu au pupa kazi ya kueleza nyumba ya wageni Nyali. Sentensi mbili nzuri, kisha "Karibu ujionee bahari. Karibu ujionee bahari." bila kikomo. Sentensi ikishajirudia mara moja, muktadha wenyewe unaongeza uwezekano wa kuirudia tena, na njia inayofuata kilele tu haina pa kutokea. Dawa inayotajwa sana ni `no_repeat_ngram_size=3`. Kwa Kiswahili naikataa. Inahesabu vipande, haihesabu maneno, na maneno yetu hukatwakatwa. Jina kama Kongowea likikatwa vipande vitatu, basi litaandikwa mara moja tu katika maandishi yote, na mara ya pili modeli italazimika kuligeuza. Ukiona jina la mahali limeharibika ghafla aya ya pili, kagua hapo kwanza.

Kwa maandishi huru basi ni lazima kupiga kura ya bahati, na hapo swali ni nani aruhusiwe kupigiwa kura. `top_k` huruhusu idadi ile ile kila hatua. Tuseme ni 5. Kianzio "Jioni pale Mama Ngina watu huuza" kina mihogo 0.30, madafu 0.25, achari 0.15, viazi 0.12 na bhajia 0.09. Wote watano wanafaa, na hapo 5 imefanya vizuri. Kianzio "Mahamri hupikwa kwa unga wa" kina ngano 0.93, na hapo 5 inaingiza wanne wasiohitajika. Punguza iwe 2 na mahamri yamepona, lakini Mama Ngina sasa ni mihogo na madafu tu.

Tatizo hili linauma zaidi kwetu kwa sababu ya viambishi. Baada ya "madafu ya-" katikati ya neno, modeli kwa kawaida inajua vizuri kinachofuata, lakini `top_k=50` bado inaacha wengine 49 kwenye sanduku. Hata kama takataka zina 1% tu kila hatua, katika vipande 100 uwezekano wa kutoteleza hata mara moja ni 0.99 kwa kipeo cha 100, yaani kama 37%. Matokeo yake ni neno lisilokuwepo, au "madafu zinauzwa".

`top_p`, inayoitwa pia sampuli ya kiini, ilipendekezwa mwaka 2019 na Ari Holtzman na wenzake. Panga vipande kutoka juu, jumlisha mpaka ufikie p, watupe waliobaki. Kwa 0.9, Mama Ngina inapata wale watano (jumla 0.91), na mahamri yanapata ngano peke yake. Idadi inafuata uhakika wa modeli. Kwa maelezo ya biashara hii ndiyo ninayoiacha imewashwa:

```python
out = model.generate(**x, do_sample=True, top_p=0.9,
                     top_k=0, temperature=0.8,
                     max_new_tokens=120)
```

Mistari miwili hapo inasahaulika. Bila `do_sample=True`, `top_p` haifanyi kazi yoyote, na dalili ni kwamba ukiendesha mara tatu unapata maandishi yale yale. Na bila `top_k=0`, katika matoleo ambayo chaguomsingi ni 50, kichujio cha `top_k` kinatangulia kimyakimya, kwa hiyo unachopima si kiini peke yake.

Joto nalo hutangulia vichujio vyote viwili. `temperature=0.5` huweka uwiano kwenye kipeo cha pili: neno lililokuwa mara 1.5 ya mwenzake linakuwa mara 2.25. Ukipandisha joto juu ya 1, orodha inalala bapa na kiini kinapanuka, kwa hiyo 0.9 ile ile inaingiza watu wengi zaidi.

Kasoro ya `top_p` inajitokeza kwa modeli iliyosoma Kiswahili kidogo. Haina uhakika karibu kila mahali, orodha iko bapa, na kiini cha 0.9 kinaweza kubeba mamia ya vipande, vingine vya lugha nyingine kabisa. Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu ni vipande vingapi vinapita kila hatua. Vikizidi mia hata katikati ya neno, shusha `top_p` hadi 0.8 na joto hadi 0.7. Viambishi visiponyooka hata hapo, tatizo liko kwenye modeli yenyewe, na hakuna kanuni kati ya hizi nne itakayoufunika udhaifu huo.