Ubao wa spana wenye vivuli: uzoefu wangu gereji, Tabora

Nina gereji ndogo hapa Tabora mjini, na kazi nyingi ni pikapu na malori yanayorudi na vumbi la Sikonge na Urambo. Seremala wa jirani alinitengenezea ubao wa kutundikia spana: plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene milimita 18, imepakwa rangi nyeupe na kila kifaa kimechorewa umbo lake. Kila fundi ana visahani vyake vya bati vyenye namba. Ukichukua spana, unatundika kisahani kwenye msumari uleule.

Hivyo visahani ndivyo nilivyolipia kwa moyo mweupe. Mchoro peke yake unaonyesha kwamba ringi namba 13 haipo, lakini hausemi iko kwa nani. Daftari la kusaini nalo, kwa mikono iliyojaa grisi, hakuna anayelishika.

Jioni moja pikapu imeshawashwa, mwenyewe ana haraka. Nikatazama ubaoni: nafasi ya 13 tupu, kisahani cha namba 4 kinaning'inia. Kijana wa namba 4 akaapa kwamba ameirudisha. Nikamwambia dereva, "Kaka, zima kwanza tuangalie." Spana ilikuwa imelala kando ya betri. Barabara ikiitikisa mpaka iguse terminali chanya na bodi kwa pamoja, hiyo ni shoti, na moto unaweza kuanzia hapo.

Sasa kasoro. Seremala alichora mistari kwa makapeni, petroli ikaifuta mapema. Tukapaka umbo zima rangi nyekundu ya mafuta, na sasa pengo linaonekana hata ukiwa chini ya gari upande wa pili.

Soketi ndizo zilizonisumbua zaidi. Vivuli vyake vyote ni viduara, kwa hiyo fundi anatundika 12 mahali pa 13 na ubao unaonekana uko sawa. Tundu la racheti halisaidii, maana seti nzima lina ukubwa mmoja. Nikaagiza kibao cha pembeni chenye matundu yanayobana soketi kwa nje, yamepangwa kuanzia ndogo. Ukiweka 12 kwenye tundu la 13, ile 13 haitaingia kwenye tundu la 12, itabaki mkononi na kukuumbua.

Tena, ukinunua spana ya kampuni nyingine, urefu unaweza kutofautiana na kivuli ikabidi upake upya. Na ubao hauoni hali ya kifaa: toki renchi inaweza kutundikwa vizuri kabisa huku springi yake imeachwa imekazwa, badala ya kurudishwa kwenye kipimo chake cha chini. Hiyo naikagua mwenyewe.

Seremala nampa nyota nne kati ya tano. Kama uko peke yako na boksi moja la spana, baki na hela yako. Ukiwa na mafundi watatu wanaogawana seti moja, agiza, ila sisitiza rangi ya mafuta tangu mwanzo.